Kabla hujalipia Harrier, iache injini ipoe

Mdogo wangu, umeniuliza kuhusu Harrier ya 2004 uliyoonyeshwa na dalali. Ni gari zuri, ila fungua boneti kwanza, usome kibati cha gari. Kama kimeandikwa 2AZ-FE, injini ya lita 2.4, hapo una kazi ya kufanya. Injini hiyohiyo imo kwenye Kluger na Alphard nyingi za miaka ile.

Udhaifu wake unajulikana. Bloku ni ya alumini, na boliti za silinda hedi za upande wa nyuma hung'oa nyuzi za matundu yake. Hedi ikikosa mkazo, kulanti inavuja taratibu, gari linachemka. Hapo kubadilisha gasketi peke yake hakutoshi, maana boliti hazina pa kushika. Fundi atashusha hedi, atoboe matundu upya na kuweka nyuzi za chuma. Ni gharama kubwa.

Kwa hiyo mwambie dalali asiliwashe kabla hujafika. Shika boneti; ukiikuta ya moto, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta. Kulanti iwe safi, yenye rangi yake. Maji matupu yenye kutu yanakuambia mwenyewe alikuwa akiongeza kila mara. Mafuta yakielea juu, aga.

Kisha chukua tochi na kioo kidogo, uchungulie nyuma ya injini, upande wa dashibodi, pale hedi inapokutana na bloku. Tafuta ukoko mweupe au wa waridi uliokauka. Injini iliyooshwa iking'aa isikuvutie, huenda ukoko ndio uliooshwa.

Sasa washa, mfuniko ukiwa wazi. Mapovu machache mwanzoni ni hewa tu. Yakiendelea bila kukoma injini ikipata joto, gesi ya silinda inapenya. Kama hayapo, zima, funga mfuniko kabla maji hayajapata moto, uwashe tena na AC ikiwa imezimwa, usubiri feni iwake yenyewe. Ikiwaka tangu mwanzo, uliza nani ameiunganisha moja kwa moja na kwa nini. Injini ikichukua muda mrefu mno kupata joto, pengine thamostati imetolewa. Mafundi wengine huitoa ili kuficha tatizo la kuchemka.

Mshale wa joto usiutegemee sana, kwa kuwa hukaa katikati hata joto likipanda kiasi. Fundi wako aje na mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Liendeshe nusu saa, ukipanda mlima kama upo, halafu uliegeshe bila kuzima. Joto likizunguka 85 hadi 95 sentigredi, vizuri. Likipita 105 na kuendelea kupanda, rudisha funguo.

Usilipe siku hiyohiyo. Rudi asubuhi, injini ikiwa baridi, uangalie kimo cha kulanti. Kikipungua, mwache dalali na gari lake.