Doa Lisilouma Kinywani mwa Mtumia Ugoro

Wengi wanaobugia ugoro au kutafuna tumbaku wana kipimo kimoja cha kujua kama kinywa chao kiko salama, nacho ni maumivu. Jino likiuma watakwenda kwa daktari, kidonda cha ulimi kikiwasha watatafuta dawa, lakini doa jeupe ndani ya mdomo wa chini wanaweza kukaa nalo mwaka mzima kwa sababu haliwazuii kula wala kulala. Kijitabu hiki kinasema kwamba kipimo hicho kinadanganya. Katika kinywa cha mtumia tumbaku, doa jeupe au jekundu ambalo haliumi, halifutiki na halijaondoka ndani ya wiki mbili ndilo la kuharakishiwa. Sababu iko katika umbile la kinywa chenyewe: saratani ya kinywa kwa kawaida huanzia katika tabaka la juu kabisa la utando, mahali ambapo mishipa ya fahamu ni michache mno, na maumivu huja pale inapokuwa imekwisha kuchimba chini. Anayesubiri maumivu anasubiri ugonjwa ukue.

Tumbaku isiyowashwa moto haina moshi, na hapo ndipo watu wengi hupata faraja isiyo na msingi. Majani yanapokaushwa, kuvundikwa na kuhifadhiwa, ndani yake hujitengeneza kemikali ziitwazo nitrosamini, na hizo hazihitaji moto ili zidhuru. Ugoro wetu mara nyingi huchanganywa na magadi. Magadi huifanya nikotini ipenye haraka zaidi kwenye damu, ndiyo maana ugoro wenye magadi "unashika", na wakati huohuo huuchoma utando unaogusana nao. Mtu akiweka fungu lake pale pale kati ya mdomo na ufizi, mara nyingi kwa siku, kwa miaka, sehemu hiyo moja ndiyo inayobeba mzigo wote. Anayetafuna tambuu yenye tumbaku huuweka mzigo huo shavuni, naye ana la ziada, kwa kuwa popoo peke yake imethibitishwa kusababisha saratani hata pasipo tumbaku.

Utando unaosumbuliwa hivyo hujilinda kwa kujiongezea unene, kama kiganja cha mkulima kinavyoota sugu, na sugu ya kinywani ikiloa mate huonekana nyeupe. Hilo ndilo doa jeupe, mara nyingi lenye mikunjomikunjo. Doa jekundu ni habari nyingine. Hapo utando haukunenepa bali umekuwa mwembamba, chembe zake zimeacha kukomaa inavyopasa, na damu iliyo chini inaonekana. Watu huliogopa jeupe kwa sababu linaonekana wazi na hulipuuza jekundu wakidhani wamejiuma au wamekula kitu cha moto. Ingefaa iwe kinyume. Katika uchunguzi wa madoa mekundu uliochapishwa Marekani mwaka 1975, karibu nusu yalikutwa tayari ni saratani iliyokwisha kuchimba, na mengi ya yaliyobaki yalikuwa hatua moja tu nyuma yake. Doa lenye rangi zote mbili, jeupe lililotawanyika juu ya wekundu, lihesabiwe upande wa jekundu.

Hapa msomaji makini atauliza: je, madoa meupe mengi si yanabaki madoa tu? Ni kweli. Tafiti zilizowafuatilia watu wenye madoa meupe kwa miaka zinaonyesha kwamba takriban mtu 1 kati ya 10 ndiye hatimaye hupata saratani. Kwa hiyo si haki kumwambia kila mwenye doa jeupe kwamba ana saratani, na anayesema hivyo huwafanya watu wajifiche. Lakini hesabu hiyo haimpi mtu ruhusa ya kukaa nyumbani, kwa sababu hakuna jicho, hata la daktari bingwa, linaloweza kumtambua huyo mmoja kwa kutazama tu. Madoa mawili yanaweza kufanana kwa kila kitu, na moja likawa na chembe zilizoharibika vibaya. Kinachoyatenganisha ni kipimo cha nyama, yaani kukata kipande kidogo na kukitazama kwa darubini.

Kabla ya kufika huko, kuna kazi ambayo nyumba yenyewe inaweza kufanya. Nawa mikono, toa meno ya bandia kama yapo, suuza kinywa ugoro wote uondoke, kisha utumie kioo na tochi ya simu. Geuza mdomo wa chini na wa juu utazame ndani, vuta kila shavu pembeni, pitia fizi, kisha shika ncha ya ulimi kwa kitambaa safi na uuvute kulia na kushoto ili kingo zake zionekane hadi nyuma. Mwisho inua ulimi utazame chini yake, mahali ambapo watu hawatazami kabisa, na ambapo doa lina hatari kubwa kuliko mahali pengine pengi. Kingo za ulimi ni vivyo hivyo. Ukiona weupe, jaribu kuufuta taratibu kwa kitambaa. Ukitoka kama maziwa yaliyoganda, huenda ni fangasi, nao una tiba yake na sababu zake, zikiwemo kisukari na virusi vya ukimwi, kwa hiyo nao upelekwe kituoni. Usiotoka ndio tunaouzungumzia. Gusa kwa kidole kama ni laini au pamekuwa pagumu, kisha papasa chini ya taya na shingoni kutafuta tezi ngumu. Kutoona kitu siku hiyo kusichukuliwe kuwa cheti, kwa sababu kona za nyuma hazionekani vizuri kwa kioo cha nyumbani.

Tuchukue mfano wa kutunga. Mama wa miaka 55 ameweka ugoro wa magadi ndani ya mdomo wa chini, upande wa kushoto, kwa miaka 20. Binti yake anamtazama kwa tochi na kuona mambo mawili: pale pa ugoro pana weupe mpana wenye mikunjo, na chini ya ulimi pana doa jekundu la milimita 8, laini kama mahameli, ambalo mama hakulijua. Familia nzima inashtushwa na weupe. Daktari wa kinywa na meno anashtushwa na wekundu. Weupe uko mahali ugoro unapokaa, rangi yake ni moja, hauna ugumu wala kidonda, kwa hiyo anamwambia aache ugoro kabisa na arudi, kwani doa la aina hiyo mara nyingi huondoka lenyewe. Miongoni mwa vijana waliojiunga na jeshi la anga la Marekani, ambako tumbaku ilikatazwa wakati wa mafunzo ya awali, karibu madoa yote ya namna hiyo yalikuwa yametoweka baada ya wiki 6. Hao walikuwa vijana wenye miaka michache ya matumizi, kwa hiyo mama wa miaka 55 asihakikishiwe matokeo yaleyale. Kama weupe wake utabaki baada ya wiki 6, nao utakatwa kipimo. Doa jekundu halisubiriwi. Siku hiyohiyo anapigwa sindano ya ganzi, kinakatwa kipande kidogo kinachochukua sehemu nyekundu zaidi pamoja na ukingo wake, panashonwa, na kipande kinatumbukizwa katika dawa ya kukihifadhi na kupelekwa maabara. Tuseme jibu linakuja kwamba ni saratani iliyo bado ndani ya tabaka la juu. Doa linaondolewa lote pamoja na ukanda wa nyama safi kulizunguka. Mama anaendelea kuongea na kula, na anafuatiliwa kila baada ya miezi michache, kwa kuwa kinywa kilicholowa tumbaku miaka 20 kinaweza kuota doa jingine mahali pengine.

Wapo watakaosema mama huyo alikosea kukubali kisu, kwamba saratani ikiguswa hukasirika na kusambaa. Imani hii ina chanzo kinachoeleweka. Watu wamewaona ndugu zao wakikatwa kipimo na kufariki miezi michache baadaye. Lakini hao walikatwa wakiwa wamechelewa, uvimbe ukiwa umeshafika shingoni, na kisu kikabebeshwa lawama ya ucheleweshaji. Ambao doa lao lilikatwa mapema hawazungumzwi msibani. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba saratani ya kinywa ikikutwa ingali mahali ilipoanzia, zaidi ya wagonjwa 8 kati ya 10 huwa hai baada ya miaka 5. Ikiwa imesambaa mbali mwilini, hawafiki nusu. Kipimo cha nyama kina udhaifu wake wa kweli, na huo ndio wa kuulizia: kipande kinaweza kuchukuliwa juujuu mno au sehemu isiyo mbaya. Jibu likisema hakuna saratani na doa likaendelea kukua, kuwa gumu au kutoka damu, mgonjwa arudi na kuomba kipimo kirudiwe.

Hoja ya bibi aliyebugia ugoro hadi miaka 90 tusiipuuze, maana mabibi hao wapo. Ila wanachothibitisha ni kwamba tumbaku haimdhuru kila mtu kwa kiasi kilekile. Hawathibitishi kwamba doa lililo kinywani mwa mjukuu ni salama, na mjukuu hana njia ya kujua amerithi bahati ya nani. Vilevile, aliyeacha ugoro mwaka jana asidhani kuacha kumefuta haja ya kutazamwa. Hatari hupungua taratibu, na doa lililobaki baada ya kuacha linatia shaka zaidi kuliko lile lililopo wakati mtu bado anatumia, kwa sababu kisingizio cha ugoro hakipo tena. Anayehamisha fungu lake upande wa pili ili pale palipobabuka papumue hajaacha. Anaandaa doa la pili.

Kwamba kutazama kwenyewe kunaokoa maisha, ushahidi mzuri umetoka Kerala, India, ambako tumbaku hutafunwa sana. Kuanzia mwaka 1996 wahudumu waliofunzwa, ambao hawakuwa madaktari, walipita nyumba kwa nyumba wakitazama vinywa kwa mwanga na kuwapeleka kwa daktari waliokutwa na madoa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kwamba miongoni mwa watumiaji wa tumbaku au pombe, vifo vya saratani ya kinywa vilipungua kwa takriban theluthi moja. Dawa mpya haikuwemo katika kazi hiyo.

Kwa hiyo ukikuta doa, nenda kituo cha afya au kwa tabibu wa meno wiki hiyo kama ni jekundu, gumu, lina kidonda au liko chini ya ulimi, na usipitishe wiki mbili kama ni jeupe tupu. Mweleze unatumia nini, tangu lini, na unakiweka wapi. Ugoro na kuberi ni tumbaku, usijibu "situmii" kwa sababu huvuti sigara. Ukipewa dawa ya kusukutua au vitamini, zikubali, lakini omba tarehe ya kurudi isiyozidi wiki mbili. Siku hiyo kama doa bado lipo, omba barua ya rufaa kwa daktari wa kinywa na meno wa hospitali ya wilaya au mkoa.