Umechelewa mtihani wa Kidato cha Nne: nusu saa ya kwanza ni haki yako

Watahiniwa wengi wa kujitegemea wanafika kituoni wakitoka majumbani mwao, si bwenini. Wengine wameacha mtoto kwa jirani, wengine wametoka zamu ya usiku, na karibu wote wametegemea daladala. Kwa hiyo kila Novemba, Mtihani wa Kidato cha Nne unapoanza, yupo mtu anayesimama mlangoni mwa chumba cha mtihani akihema, akiwatazama wenzake wameinamia karatasi, asijue kama anaruhusiwa kuingia au aombe huruma. Safu hii ni kwa ajili yake.

Jibu limo kwenye ratiba yenyewe. Baraza la Mitihani la Tanzania huambatanisha ratiba na maelekezo kwa watahiniwa, ila wengi hutazama tarehe ya masomo yao na kuiweka kando. Maelekezo hayo yanasema mtahiniwa aingie chumbani nusu saa kabla ya muda wa kuanza, na kwamba atakayechelewa zaidi ya nusu saa baada ya mtihani kuanza hataruhusiwa kuingia. Isome sentensi hiyo ya pili kwa makini. Inamfungia nje aliyezidisha nusu saa. Aliyechelewa dakika kumi au ishirini haimgusi. Mtihani wa saa 2:00 asubuhi una mlango hadi saa 2:30. Wa saa 8:00 mchana, hadi saa 8:30.

Hapa ndipo watu wanapopotea, watahiniwa na hata baadhi ya wasimamizi. Mtahiniwa aliyefika saa 2:15 anaomba kama mtu anayeomba fadhila, na msimamizi anamjibu kama mtu mwenye fadhila ya kutoa au kunyima. Ukweli ni kwamba ndani ya nusu saa hiyo unaomba radhi kwa sababu ni adabu na kwa sababu umewakatiza wengine, lakini kuingia kwako hakutegemei kama msimamizi amependezwa na maelezo yako. Ikishapita saa 2:30 mambo yanageuka. Msimamizi anaweza kukuonea huruma kwa moyo wote, lakini hana mamlaka ya kukupokea, na akikupokea anajiweka matatani yeye na kituo chake.

Mpaka huo una sababu. Mtihani ule ule unafanyika saa ile ile nchi nzima. Kadiri muda unavyopita bahasha zikiwa zimefunguliwa, ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kuthibitisha kwamba aliye nje hajasikia lolote kuhusu maswali. Ndiyo maana sipendekezi mtu yeyote abishane na kanuni hii. Pambania dakika zilizo zako, zisizo zako ziache.

Tuseme wewe ni mama unayeishi Chanika, umejisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kituo chako kiko Ilala. Leo ni Hisabati, saa 2:00 hadi saa 5:00 asubuhi. Umetoka nyumbani saa 11:30 alfajiri, daladala ikaharibika Gongo la Mboto, ukasubiri nyingine, kisha ukachukua bodaboda. Unafika kwenye geti la shule saa 2:16.

Mtu wa kwanza kukutana naye huenda akawa askari polisi, maana vituo vya mtihani huwekewa ulinzi. Usimweleze habari ya daladala. Mwambie kwa kifupi: "Habari za kazi, afande. Mimi ni mtahiniwa wa kujitegemea, namba yangu ya mtihani ni hii, na kitambulisho changu hiki hapa. Naomba unielekeze kwa msimamizi mkuu." Kazi ya askari ni usalama wa kituo. Nani aingie chumbani ni suala la wasimamizi, kwa hiyo unachohitaji kwake ni kupita tu au kuitiwa anayehusika. Ukianza kumsimulia safari nzima, dakika tano zinaishia getini.

Kabla hujasogea mlangoni, simama nukta chache ujipekue. Hatari kubwa ya aliyechelewa ni simu iliyosahaulika mfukoni. Waliowahi waliambiwa kwa pamoja wazime simu na kuziacha nje pamoja na madaftari. Wewe hukuwepo, na simu umeishika tangu alfajiri kutazama saa. Kukutwa nayo chumbani kunahesabiwa kuwa udanganyifu, na adhabu yake ni kufutiwa matokeo. Msimamizi hatauliza kama ulisahau. Kabidhi simu, karatasi za kujisomea na mkoba, kisha ubaki na kitambulisho, kalamu, penseli na vifaa vya jometri.

Sasa uko mlangoni, ni saa 2:19. Usiingie, hata kama mlango uko wazi na unaona kiti chako kitupu. Simama pale msimamizi akuone, umsubiri akufuate, kisha sema kwa sauti ya chini: "Shikamoo mwalimu. Samahani sana nimechelewa, gari liliharibika njiani. Mimi ni mtahiniwa wa kituo hiki, hii hapa namba yangu. Naomba kuingia, bado nusu saa haijatimia." Kama kwa umri wewe ndiye mkubwa kwake, kama inavyotokea mara nyingi kwa watahiniwa wa kujitegemea, "habari za asubuhi, mwalimu" inatosha. Bado mwite mwalimu, kwa sababu siku hiyo yeye ndiye mwenye chumba.

Maneno hayo yana mambo manne tu: radhi, sababu, utambulisho na ombi linalotaja muda. La mwisho ndilo watu wanaloacha, na ndilo lenye nguvu kuliko yote. Linamkumbusha msimamizi kanuni bila kumfundisha kazi mbele ya wengine. Sababu yako iwe ya kweli na iwe fupi. Usiseme ulikuwa unaumwa kama hukuumwa, kwa sababu ugonjwa una taratibu zake, na ukiutaja bure leo utakosa wa kukuamini siku unapouhitaji.

Ukikubaliwa, utaelekezwa kiti kulingana na namba yako na utasaini mahudhurio. Usiombe kufidiwa muda uliopotea. Mtihani unaisha saa 5:00 kwako kama kwa wenzako. Muda wa ziada upo kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na hupangwa mapema, si mlangoni. Kwa hiyo ukikaa saa 2:23 umebakiwa na dakika 157. Hisabati ya Kidato cha Nne ina maswali 14: kumi ya Sehemu A yenye alama 6 kila moja, na manne ya Sehemu B yenye alama 10 kila moja. Ukitoa dakika 9 kwa kila swali la A na dakika 15 kwa kila la B, utatumia dakika 150, na zinabaki 7 za kupitia kazi yako. Nimefanya hesabu hiyo makusudi, kwa kuwa wengi waliochelewa huharibiwa na hofu zaidi ya dakika zilizopotea. Wanaruka swali la kwanza, la pili, la tatu, wanatafuta rahisi, na nusu saa nyingine inaondoka.

Je, ukikataliwa saa 2:19? Usiinue sauti. Kelele mlangoni zinawasumbua walio ndani na zinampa msimamizi sababu halali ya kukuondoa, sababu ambayo dakika moja kabla hakuwa nayo. Sema: "Naelewa, mwalimu. Naomba nionane na msimamizi mkuu kabla ya saa mbili na nusu." Msimamizi wa chumba anafanya kazi chini ya msimamizi mkuu wa kituo, na huyo ndiye anayepaswa kuamua. Asipopatikana, omba mkuu wa shule ambayo ndiyo kituo. Wakati huo huo, muombe mtu aliye karibu, hata askari wa getini, atazame saa yake na akumbuke muda uliofika. Ikiwa wote wamekukatalia kabla ya nusu saa kutimia, omba muda wako wa kufika uandikwe kwenye kumbukumbu za kituo, kisha siku hiyo hiyo andika malalamiko kwa Katibu Mtendaji wa Baraza kupitia kwa mkuu wa kituo, na nakala ubaki nayo. Taja tarehe, somo, namba yako, saa uliyofika getini, saa uliyofika mlangoni, na nani alikujibu nini. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kikamilifu pale chombo kinapoamua kuhusu haki zake. Lakini barua isiyo na saa na dakika ni vigumu kusikilizwa, kwa sababu shauri lote limesimama juu ya saa.

Na kama umefika saa 2:40, omba radhi, shukuru, ondoka mlangoni. Atakayekunong'oneza kwamba kwa kiasi fulani cha fedha utaingia anakupeleka mahali pabaya kuliko kukosa somo moja. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamgusa anayetoa sawa na anayepokea, na TAKUKURU wanapatikana kwa simu 113 bila malipo.

Ikiwa kilichokuchelewesha ni ugonjwa wa kweli, nenda hospitali siku hiyo hiyo, maana cheti cha wiki ijayo hakitaeleza vizuri hali yako ya leo. Kipeleke kwa mkuu wa kituo pamoja na barua, ili taarifa ifike Baraza. Kila yanapotangazwa matokeo, Baraza hutaja watahiniwa ambao matokeo yao yamezuiliwa kwa sababu waliugua wakashindwa kufanya baadhi ya masomo au yote, nao hupewa nafasi ya kuyafanya mwaka unaofuata. Nafasi hiyo ni ya wagonjwa. Gari kuharibika hakumo, na ni afadhali ulijue hilo mapema kuliko kukaa mwaka mzima ukingojea jibu.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote kwa aliyefungiwa nje ni hili: usirudi nyumbani moja kwa moja ukasema mtihani umekwisha. Kukosa Hisabati asubuhi hakufuti usajili wako katika masomo mengine. Ukiwa umejisajili masomo manane au tisa, daraja hupangwa kwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi, kwa hiyo lililokosekana huenda lisihesabiwe kabisa. Tazama ratiba yako kabla hujapanda gari la kurudi Chanika. Kama kuna karatasi nyingine mchana huo, tafuta mahali pa kukaa karibu na kituo, kunywa chai, na saa 7:30 mchana uwe umeshaingia chumbani.