Kijiko Hakijui Jina la Uyoga

Mdogo wangu uliyeniandikia kutoka Buna, barua yako nimeisoma mara mbili. Unasema umehamishiwa huko kufundisha, kwenu ni Kakamega, na baada ya mvua ya Gu uyoga mweupe umechomoza kando ya kichuguu nyuma ya nyumba za walimu. Majirani wamekwambia hiyo ni barkin waraabe, mto wa fisi, na kwao si chakula. Wewe ukamkumbuka mama yako na obwoba wake. Kisha mwalimu mwenzako akakushauri uuchemshe pamoja na kijiko cha fedha na punje ya kitunguu saumu: visipogeuka vyeusi, kula. Unauliza kama kipimo hicho kinaaminika.

Hakiaminiki. Tafadhali usiule huo uyoga, wala usiwape watoto wa jirani.

Nianze na kijiko. Fedha hugeuka nyeusi ikikutana na salfa, ndiyo maana kijiko cha fedha hupoteza mng'ao ukilia yai. Sumu ya uyoga unaoua haikibadilishi rangi. Tena vijiko vingi tunavyoviita vya fedha siku hizi ni vya chuma kisichoshika kutu, na hicho hata salfa hakiijali. Kitunguu saumu nacho hubadilika rangi kwa sababu zake, na kinaweza kufanya hivyo ndani ya sufuria ya uyoga mzuri kabisa. Wengine hutazama kama funza na konokono wameugusa. Konokono huula uyoga ambao ungemuua mtu, akaendelea na safari yake, kwa sababu mwili wake si kama wetu. Hata mbuzi akiula akabaki mzima, ametoa habari za tumbo la mbuzi tu.

Kosa kubwa la vipimo hivi ni kudhani kwamba kuna kitu kimoja kiitwacho sumu ya uyoga. Ziko nyingi, na hazifanani. Moja hushambulia tumbo, nyingine ini, nyingine figo, nyingine mishipa ya fahamu. Kijiko kimoja kitazitambuaje zote?

Nadhani hata mama yako hakuwahi kutumia kijiko. Mkumbuke vizuri anapochuma. Anajua kichuguu kipi, mwezi gani, kofia yenye ncha katikati, shina linaloshuka ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye kiota cha mchwa. Kila aina ina jina lake kwao, na asioujua huupita. Mama hapimi sumu, anautambua uyoga wenyewe. Huo ni utaalamu wa kweli, na ninauheshimu. Lakini ni utaalamu wa vilima vya Kakamega. Wewe umebeba kumbukumbu ya ladha yake kwenda mahali ambapo mama hajawahi kuchuma hata siku moja.

Kuna uyoga mmoja ambao huwakosesha watu namna hii hii katika nchi za joto, Afrika Mashariki ikiwemo. Wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Ni mkubwa, mweupe, una magamba ya kahawia juu ya kofia na pete shingoni, na huota kwenye nyasi baada ya mvua. Nyasi zinazozunguka kichuguu ni nyasi pia. Ukiwa mchanga, ile mikunjo myembamba chini ya kofia ni myeupe, kama ya uyoga wa kuliwa. Baadaye tu ndiyo huingia ukijani. Mtaalamu hukata kofia iliyokomaa, huilaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, huifunika kwa bakuli, na huiacha usiku kucha. Asubuhi unga wa mbegu umeanguka kwenye karatasi: wa kijani kwa huyu mbaya, wenye wekundu hafifu kwa uyoga wa mchwa. Usinielewe vibaya, unga usio wa kijani si ruhusa ya kula. Uyoga wenye sumu kali kuliko zote huacha unga mweupe. Rangi ya unga ni alama moja kati ya nyingi ambazo lazima zikubaliane.

Huyo wa kijani hutapisha na kuharisha vibaya ndani ya saa chache. Ninaouogopa zaidi ni wenye amatoksini, sumu ya ini. Kuchemsha hakuiondoi, kukausha hakuiondoi. Tuseme mtu amekula Ijumaa saa mbili usiku. Analala vizuri. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, saa kumi baadaye, anaanza kutapika na kuharisha maji matupu. Jumapili anapata nafuu, anaomba chai, nyumba nzima inamshukuru Mungu. Wakati huo ini linaendelea kufa. Jumatatu au Jumanne macho yanageuka manjano. Sasa fikiria yule anayemwonjesha kuku, akangoja saa moja, kisha akapakua.

Haya yaliwapata watu waliotoka mbali kama wewe. Mwaka 2021 familia ya Waafghani waliookolewa kutoka nchini mwao ilipokewa katika kituo cha wakimbizi karibu na Warsaw, Poland. Walichuma uyoga msituni, wakala. Ulikuwa ule unaoitwa kofia ya mauti. Watoto wawili wa kiume, wa miaka 5 na 6, walifariki, na mmoja wao alikuwa amekwisha kubadilishiwa ini. Najua wengi wenu mna ndugu Ulaya na Marekani. Waambieni kwamba msitu wa ugenini una uyoga unaofanana na wa kwao.

Ukitaka kuujua uyoga wako kwa jina, usiung'oe kwa kuvuta. Chimba na kitako chake, maana alama muhimu, kama kifuko kinachozunguka mguu, huwa imefichwa udongoni. Kabla ya kuuchimba, upige picha ungali umesimama mahali pake, juu, ubavuni na chini ya kofia. Chukua mchanga na uliokomaa. Ufunge kwa karatasi, kwa sababu ndani ya nailoni utaoza. Jijini Nairobi, kwenye Makumbusho ya Taifa, kuna hifadhi ya mimea ya Afrika Mashariki, na humo huhifadhiwa uyoga pia. Lakini kutoka Buna hadi Nairobi uyoga mbichi utaharibika, kwa hiyo ukate vipande na uukaushe kabla ya kutuma, pamoja na picha na jina la mahali. Picha ya simu peke yake haitoshi kumwambia mtu ale. Na kwa kuwa jibu haliwezi kufika kabla ya chakula cha jioni, hiyo jioni pika maharagwe.

Kama kuna aliyekwisha kula, msingoje dalili, na wote mlioshiriki sufuria mwende pamoja, hata anayejiona mzima. Kutoka Buna hadi hospitali ya rufaa ya Wajir ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo tafuteni gari mapema. Chukueni mabaki ya uyoga, yawe ya jikoni au ya jalalani, na mwandike saa mliyokula. Saa hiyo ndiyo daktari ataiuliza kwanza. Na mgonjwa akipata nafuu siku ya pili, msikubali kumrudisha nyumbani kabla ini lake halijapimwa.

Niandikie kesho uniambie ile sufuria umeifanya nini.