Namna ya Kukagua Ripoti ya Usanifu wa Daraja Dogo

Tuchukue mfano wa daraja la waenda kwa miguu juu ya mfereji wa maji ya mvua, Mtoni, Temeke.

1. Makadirio: Urefu kati ya kingo mita 6, upana mita 1.2, boriti mbili za chuma zenye kimo cha sentimita 16 (IPE 160).

2. Mizigo: Watu waliosongamana, kilo 500 kwa mita ya mraba, yaani 600 kwa kila mita ya urefu. Uzito wa daraja lenyewe, kilo 100. Jumla 700. Kila boriti hubeba 350 kwa mita, yaani 2,100 kwa urefu wote.

3. Nguvu ya kupinda: 2,100 × 6 ÷ 8 = kilo-mita 1,575. Boriti hii, ikiwa imefungwa na sakafu isipinduke, huhimili takriban 1,740. Inatosha.

4. Kubonyea: Kikomo tulichoweka ni urefu ÷ 250, yaani milimita 24. Boriti hii itabonyea katikati zaidi ya milimita 30. Haivunjiki, lakini haifai. Ya sentimita 20 (IPE 200) hubonyea takriban 15.

Kwa hiyo, ripoti inayoishia hatua ya tatu msiipitishe. Ombeni hesabu ya kubonyea kabla ya kununua chuma.