Unga kwenye kaburi la babu: tunaongea na marehemu, au tunawauliza?



Wapendwa vijana, likizo ya Julai 2024 nilikuwa nyumbani Somanga, na nilikutana na swali ambalo miaka mitatu ya falsafa haikuwa imeniandaa kulijibu nikiwa nimekaa kwenye mkeka mbele ya wajomba zangu. Nawaandikia kwa sababu najua wengi wenu mtalikuta, kama bado hamjalikuta.

Mnakumbuka mvua za Mei mwaka ule na kimbunga Hidaya. Barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika pale kwetu Somanga, magari yakalala siku kadhaa. Maji yalipita pia kwenye makaburi ya ukoo wetu. Kaburi la babu, baba yake mama, lilibomoka upande mmoja. Halafu mwezi Julai mtoto wa mama mdogo, wa miaka mitatu, akaanza homa na degedege. Mjomba akaenda kwa mganga, akarudi na jibu: babu amekasirika. Nyumba yake imeingia maji, hakuna aliyekwenda kumjulia hali. Inabidi apelekewe unga.

Siku mbili zilipita mtoto akifukizwa. Siku ya tatu mama mdogo alimbeba mgongoni akaenda zahanati bila kumwuliza mtu. Kipimo cha haraka kikaonyesha malaria, wakamchoma sindano ya kwanza na kumpa rufaa. Akapona, namshukuru Mungu. Nikadhani mambo yameisha. Mjomba akaniambia: "Frateri, dawa imemkubali kwa sababu tulishamwahidi babu. Sasa ahadi ni deni." Mbishie mtu huyo kama unaweza. Mimi nilisema homa imeondolewa na dawa, yeye alisema dawa imefunguliwa njia na babu, na mtoto anacheza pale uani hana habari na mtu.

Nieleze kwanza hilo tambiko lenyewe, maana mijini watu wanasema "mambo ya mizimu" wakadhani wameshaelewa. Kwetu lina sehemu kadhaa. Ukoo unakusanyika, kaburi linafyekwa na kufagiliwa. Mkubwa wa ukoo anachuchumaa, anamwita marehemu kwa jina, anampa habari: nani kaoa, nani kazaliwa, nani mgonjwa. Huku akiongea anadondosha unga mweupe wa mtama taratibu kutoka kwenye vidole, mahali pamoja, mpaka utengeneze kichuguu kidogo chenye ncha. Ncha ikisimama, babu amepokea. Unga ukimwagika ovyo, amekataa. Unaachwa hapo usiku kucha, alfajiri mtu anakwenda kutazama kama ncha bado ipo. Baadaye watu wanakula wali pamoja. Si jambo la ukoo wetu peke yake. Mmisionari Mskochi Duff Macdonald aliyeishi kwa Wayao aliandika jambo linalofanana sana na hili katika kitabu chake Africana cha mwaka 1882: mtu anayetaka kusafiri anamwaga unga, anaufunika kwa chungu, na asubuhi ncha ikiwa imeanguka hasafiri.

Na msidhani ni jambo dogo katika nchi hii yetu. Mwaka 1905 watu walikwenda makundi kwa makundi Ngarambe, kwa Kinjikitile, na wengi waliamini kwamba huko wako karibu na jamaa zao waliokwisha kufa. Mwishoni mwa Julai mwaka huohuo wapiganaji wa Kimatumbi waliteremka wakaishambulia Samanga, ndiyo hii Somanga ninayoiandika. Watu wa koo mbalimbali, ambao hawakuwa na mfalme mmoja, waliweza kusimama pamoja, na imani kwamba wafu wao hawajawaacha ilikuwa sehemu ya nguvu hiyo.

Basi nilipoambiwa nichangie na nikae na wenzangu, ningeweza kujibu kama baadhi ya wenzetu wanavyojibu: "Hayo ni ya shetani, mimi simo." Ni jibu rahisi, lakini si jibu la Kanisa. Kanisa linafundisha kwamba sisi tulio safarini, wale wanaotakaswa toharani na wale walioko mbinguni ni familia moja. Katekisimu (namba 958) inasema sala yetu kwa marehemu inaweza kuwasaidia, na pia inalifanya ombezi lao kwa ajili yetu liwe na nguvu. Ni njia ya kwenda na kurudi. Jirani Mlokole atakushangaa, lakini mjomba wangu hawezi kukushangaa.

Someni kwa makini 2 Wamakabayo 12:38-45. Wengi tunaitaja kuthibitisha toharani, tunaruka aya ya 40. Wanajeshi wa Yuda Makabayo wamekufa vitani. Wenzao wanapokwenda kuwazika wanakuta chini ya kanzu zao vitu vya sanamu za Yamnia. Kwa Kiswahili cha Somanga, hirizi. Yuda hasemi "waache, wameshapotea." Anachangisha fedha, kama drakma elfu mbili, anazipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya dhambi yao. Wafu wanaoombewa kwenye Maandiko ni watu waliokufa wamevaa hirizi! Babu yangu hakubatizwa. Alikuwa na hirizi kiunoni mpaka alipooshwa. Kwa miaka niliogopa hata kumtaja kwenye sala, kana kwamba ninamwibia Mungu kitu. Aya ile ndiyo iliyonipa ruhusa. Na Sala za Ekaristi zinawakumbuka pia wale ambao imani yao inajulikana na Mungu peke yake.

Sasa tatizo liko wapi? Si kwenye kufagia kaburi, wala kumtaja kwa jina, wala wali. Hata kumpa habari za nyumbani, kama mtoto anavyomweleza babu yake, sioni dhambi ndani yake. Tatizo liko kwenye ncha ya unga. Mpaka pale ulikuwa unampa marehemu kitu: heshima, kumbukumbu, sala. Ncha inaposubiriwa mambo yanageuka: unamtaka atoe jibu. Unauliza, naye alazimike kusema ndiyo au hapana. Hilo ndilo Kumbukumbu la Torati 18:10-12 inalolikataza, na ndilo Sauli alilolifanya Endori (1 Samweli 28) alipomtafuta Samweli kwa mwanamke mwenye pepo wa utambuzi. Sauli hakwenda kumkumbuka Samweli wala kumwombea. Alikwenda kupata taarifa za vita.

Kuna kipimo ninachokitumia mwenyewe: jiulize, nisipofanya itakuwaje? Nisipokwenda Misa ya marehemu Novemba, nitakuwa nimepungukiwa upendo, lakini babu hatamrukia mtoto wa mama mdogo. Usipopeleka unga, kwa maelezo ya mganga, mtoto anaugua. Pale marehemu anapokuwa mdai, na ugonjwa ndio risiti yake, ujue umeshatoka kwenye ushirika umeingia kwenye hofu. Na hofu ile ina gharama zake. Kwetu ilikuwa siku mbili za mtoto mwenye malaria.

Kutenganisha hivi mimi sikukubuni. Mtakatifu Monika, mama Mwafrika wa Tagaste, alikuwa na desturi ya kupeleka uji, mkate na divai kwenye makaburi ya mashahidi. Alipofika Milano mlinzi wa mlango akamzuia: Askofu Ambrosi amekataza, kwa sababu ya ulevi na kwa sababu ilifanana mno na sikukuu za wapagani za kulisha wafu. Agostino anatusimulia kwamba mama yake alitii mara moja. Aliacha kikapu, hakuacha makaburi. Na alipokuwa anakufa Ostia mwaka 387 hakujali azikwe wapi, aliomba jambo moja tu, akumbukwe kwenye altare. Karibu na kwetu, Misa ya Kikongo iliyoidhinishwa na Roma mwaka 1988 inawaita mwanzoni watakatifu pamoja na mababu wenye moyo mnyofu. Mababu wanaalikwa kusali pamoja na jumuiya. Hakuna anayewatolea sadaka, wala anayewauliza mvua itanyesha lini.

Basi nikamwambia mjomba: kufyeka nakuja, kaburi tutalijengea mawe, mchele kilo tano natoa mimi. Kutazama ncha asubuhi sitakwenda, na fedha ya mganga sitoi. Alininyamazia mpaka jioni. Kesho yake tulikwenda wote. Mjomba ni Mwislamu, alisoma dua yake, mimi nikasali kimyakimya kwa imani yangu, mama mdogo akalia. Mjomba akadondosha unga wake. Mimi nikasogea kando, nikaendelea kupanga mawe. Sitawadanganya kwamba nilijiona shujaa, nilijiona mjukuu mwenye kiburi.

Kwa atakayeuliza afanye nini zaidi: kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, ukitembelea makaburi na kuwaombea marehemu, hata kwa sala ya moyoni tu, unaweza kumpatia marehemu rehema kamili, mara moja kila siku. Masharti ni yale ya kawaida: kitubio, komunyo, sala kwa nia za Baba Mtakatifu, na moyo usiong'ang'ania dhambi yoyote. Hilo la mwisho ndilo gumu. Na andikisha nia ya Misa kwa jina lake.

Kuhusu jina, yule mwanatheolojia Mkenya John Mbiti alitumia maneno yetu mawili, sasa na zamani. Marehemu yuko kwenye sasa maadamu yupo mtu anayemkumbuka kwa jina. Akifa wa mwisho anayemjua, anazama zamani. Nilipoisoma darasani niliiona ni nadharia nzuri tu.

Oktoba mjomba alinipigia simu seminarini. Akazunguka na habari za ufuta na bei ya samaki, mwishowe akasema: asubuhi ile alikwenda peke yake kaburini, na hakukuta ncha, hakukuta hata unga. Amekaa na jambo hilo miezi mitatu, hajamwambia mtu. "Frateri, babu yako amekataa?"

Nikamwuliza, kuku wa jirani wanalala wapi? Akanyamaza. Kisha akacheka, lakini si sana.

Nikamwambia naandikisha nia za Novemba, anipe jina kamili la babu. Akanipa la babu, na la baba yake, na la ndugu zake wawili waliozama na mashua, na la bibi mmoja ambaye sikuwahi kumsikia. Matano yakafika. Wa sita hakumjua jina, wala hakuna aliyebaki wa kumwuliza. "Yule wa kwanza kuteremka kutoka Kipatimu," akasema. "Mwandike hivyohivyo." Nikamwandika hivyohivyo.