Suti ya Usaili: Kwa Fundi au Karume?

Simu za kuitwa kwenye usaili hazina huruma. Mimi yangu ilikuja Jumamosi mchana, zikiwa zimebaki siku tisa tu. Mwenzangu wa chumbani, ambaye tuliomba nafasi ileile, akapigiwa dakika kumi baadaye. Wote wawili hatukuwa na suti, na kila mmoja alikuwa na kama laki na nusu, yaani mabaki ya bumu pamoja na tulichoomba nyumbani. Yeye akaamua kushonesha. Mimi nikaenda kwenye mitumba, Karume.

Wanachuo wengi hulijadili jambo hili kama suala la heshima: ya fundi ni mpya, ya mtumba imeshavaliwa na mtu. Lakini anayekusaili hajui suti yako imetoka wapi. Anachoona ni kama imekukaa au haijakukaa. Kwa hiyo maswali ya kujiuliza ni mawili tu: una siku ngapi, na mabega yako yakoje?

Tuanze na mabega, maana hapo ndipo koti linapoharibikia. Sehemu ya juu ya koti ina vitu vingi vilivyoshikana: pedi, kitambaa kigumu cha kati, bitana, kola, na mkono ulioungwa kwa mzunguko. Ukitaka kupunguza bega, fundi lazima afumue vyote hivyo na kuvirudisha. Ndiyo maana fundi mwaminifu atakuambia, "Mdogo wangu, hili tafuta jingine." Lakini kiuno cha koti kikipwaya, hiyo ni kazi ndogo. Mikono ikiwa mirefu, inapunguzwa. Suruali inakatwa urefu na kubanwa kiunoni. Kwa hiyo kwenye mtumba unanunua mabega, vingine utarekebisha.

Namna ya kupima ni rahisi. Vaa shati utakalovaa siku ya usaili, maana fulana inadanganya. Vaa koti, funga kifungo, kisha simama ubavu ukigusa ukuta. Kama pedi inagusa ukuta kabla ya mkono wako, koti ni kubwa. Kama mkono wako unasukuma kitambaa na kutengeneza uvimbe chini ya bega, koti ni dogo. Halafu mwombe mtu akutazame mgongoni. Kola ya koti inatakiwa ilale juu ya kola ya shati, isiachie nafasi. Usihangaike sana na namba, ila ujue kuwa makoti ya kiume ya Uingereza na Marekani huandikwa kifua kwa inchi, kama 38 au 40, na yale ya nchi nyingine za Ulaya huwa na namba iliyozidi kwa 10. Koti la 50 la Italia ni sawa na 40 la Uingereza.

Likikukaa, litoe nje kwenye jua. Ndani ya banda kila koti ni jeusi. Juani utaona kama mabega yamepauka kwa sababu ya kuning'inia dukani au kabatini kwa miaka. Nyoosha kitambaa mbele ya mwanga ili uone matundu ya nondo. Tazama viwiko na makalio ya suruali: kitambaa kilichosuguliwa hung'aa, na mng'ao huo hauondoki kwa pasi. Mwisho, angalia kifuani. Makoti mengi yana kitambaa cha kati kilichobandikwa kwa gundi, ambacho mafundi wetu hukiita gamstafu. Koti la aina hiyo likishafuliwa kwa maji ya moto, gundi huachia na kifua hujaa malengelenge kama chapati. Ukiona hayo, liache hata kama ni la bei ya kutupa.

Shida kubwa ya mtumba ni suruali. Mara nyingi koti na suruali yake hutenganishwa njiani, na muuzaji atakupa suruali "inayofanana". Usikubali kufanana. Rangi mbili nyeusi zilizokaribiana huonekana wazi mezani kwa watu kuwa ni vitu viwili tofauti. Ukikosa pacha wa kweli, afadhali tofauti iwe ya makusudi: koti la bluu iliyokolea na suruali ya kijivu.

Na urefu je? Kuongeza mkono ni kugumu kuliko kupunguza. Pindua ncha ya mkono uone kitambaa kilichokunjwa ndani. Sentimita mbili au tatu ndiyo hazina yote uliyonayo. Kama una mikono mirefu kuliko kawaida, au bega moja limeshuka, mtumba utakutesa. Wewe mtu wako ni fundi.

Sasa turudi kwa mwenzangu. Alinunua mita tatu na nusu za kitambaa Kariakoo kwa 52,500, ufundi ukawa 90,000. Fundi akampima Jumatatu, akasema, "Njoo Ijumaa, kaka, utaikuta." Ijumaa akakuta kitambaa ndiyo kwanza kinakatwa. Jumapili usiku, kesho yake usaili, akapewa suti iliyokamilika hadi vifungo. Kumbe mabega yalishuka, na kola ilisimama mbali na shingo. Hakukuwa na la kufanya.

Kosa halikuwa la kushonesha, bali kukosa kujaribisha. Suti nzuri ya fundi hujaribiwa mara mbili. Mara ya kwanza imeshikizwa kwa bandi tu, ule mshono mrefu wa muda, mikono haijaungwa moja kwa moja na vifungo havijawekwa. Hapo ndipo mabega na kola hurekebishwa, kwa kuwa bado vinafumuka kirahisi. Mara ya pili ni ya urefu wa mikono na suruali. Ukijumlisha foleni ya fundi na umeme unaokatika, hizo ni wiki mbili hadi tatu. Kabla hujalipa malipo ya awali, muulize fundi siku gani utakuja kujaribu ikiwa kwenye bandi. Akikuambia haina haja, shukuru uondoke.

Mimi nilipata suti kamili ya kijivu kwa 45,000. Fundi wa kurekebisha akachukua 20,000 kubana kiuno cha koti, kupunguza mikono mpaka shati lionekane kama sentimita moja, na kupandisha pindo la suruali. Dobi anayesafisha kwa dawa bila maji alichukua 10,000. Jumla 75,000, na Alhamisi ilikuwa imening'inia chumbani. Chenji ikaingia kwenye viatu.

Kazi alipata yeye, mimi sikupata. Alijibu vizuri kunizidi, na suti haijibu maswali. Ila aliniambia dakika za mwanzo zote alikuwa anavuta kola badala ya kusikiliza, na swali la pili akaomba lirudiwe. Wiki iliyofuata aliirudisha suti kwa fundi. Fundi akaigeuza ndani nje, akayatazama mabega, akasema, "Bora nikushonee nyingine."

Kwa hiyo mwanachuo wa mwaka wa mwisho ambaye bado hajaitwa popote, kama unataka ya kushonesha, muda wako ni sasa. Ukisubiri simu ndipo uanze, nenda Karume asubuhi, na usisahau kuvaa shati.