Mtoto Anayelia Kila Jioni: Je, ni Mchango au ni Ugonjwa?

Somo letu la mara hii limetokana na swali ambalo kina mama hutuuliza sana. Mtoto mchanga anashinda vizuri mchana kutwa, lakini ikifika saa kumi na mbili jioni anaanza kulia. Anakunja miguu mpaka magoti yanagusa tumbo, anakaza ngumi, uso unakuwa mwekundu au mweusi zaidi, na tumbo linakuwa gumu. Analia mpaka saa tatu usiku, kisha analala kama hakuna lililotokea. Kesho jioni anaanza tena.

Hali hii wengine huiita mchango, wengine msokoto wa tumbo, na nesi huiita koliki. Huanza mtoto akiwa na umri wa wiki mbili au tatu, huzidi anapofika wiki sita hivi, halafu hupungua na kuisha kwa miezi mitatu au minne. Huwapata wanaonyonya maziwa ya mama na wanaokunywa maziwa mengine. Haitokani na mama kula chakula kibaya wala mtu kumtazama mtoto kwa jicho baya. Madaktari wenyewe hawajapata chanzo kimoja.

Sasa tuangalie ile miguu. Watu wengi husema, "Amekunja miguu, basi ni tumbo." Lakini mtoto mchanga akilia kwa nguvu kwa sababu yoyote ile, hata njaa au sikio, hukunja miguu na kukaza tumbo. Anapolia pia humeza hewa, na ndiyo maana baadaye hutoa upepo. Kwa hivyo miguu peke yake haituambii kitu. Swali la kwanza la kujiuliza ni hili: huyu mtoto yukoje wakati halii?

Mtoto mwenye mchango, asipolia, ni mtoto mzima. Ananyonya kwa nguvu, anakojoa mara sita au zaidi kwa siku, hana homa, anakutazama, na uzito wake unapanda.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana mtoto wa wiki sita. Amempeleka kliniki kupata chanjo, na usiku huo mtoto amelia saa tatu nzima. Nyanya yake anasema ni ile sindano, na jirani anasema maziwa ya mama hayatoshi. Hapa tusibishane, tufungue kitabu cha kliniki. Mtoto alizaliwa na kilo 3.1, na leo ana kilo 4.2. Ameongeza zaidi ya kilo moja, kwa hivyo maziwa yanatosha. Je, ni sindano? Tunamwuliza mama kilio kilianza lini. Anajibu kwamba kilianza wiki tatu zilizopita, na ni jioni kila mara. Kumbe kilikuwako kabla ya sindano. Chanjo inaweza kumpa mtoto homa kidogo na kumfanya alie siku moja au mbili, lakini haiwezi kuleta kilio cha wiki tatu nyuma. Ni kwamba tu chanjo ya wiki sita huangukia wakati uleule ambao mchango umefika kileleni. Mama akiogopa na kukosa kurudi wiki ya kumi, mtoto atakosa kinga bure.

Tungekuta uzito umesimama au umeshuka, jibu lingekuwa lingine. Huenda mtoto hashiki titi vizuri na analia kwa njaa, au ni mgonjwa. Huyo ni wa kupelekwa kliniki, hata kama analia jioni peke yake.

Sasa kuna vilio viwili vinavyofanana na mchango ambavyo havingoji asubuhi.

Cha kwanza ni utumbo kujimeza, yaani kipande cha utumbo kuingia ndani ya kingine kama mkono wa sweta unapopinduka. Huwapata zaidi watoto wa miezi minne hadi kumi, umri ambao mchango ulipaswa kuwa umeisha. Mtoto aliyekuwa mzima anapiga kelele ghafla na kukunja miguu, ananyamaza, halafu baada ya dakika 15 au 20 anarudia tena, mchana au usiku. Mwanzoni anaweza kuonekana sawa katikati ya vilio. Baadaye analegea, anapauka, anatapika, pengine matapishi ya kijani, na choo kinaweza kutoka na damu na makamasi. Msingoje mpaka mwone damu. Huyu apelekwe hospitali yenye daktari wa upasuaji siku hiyohiyo.

Cha pili ni ngiri iliyokazwa. Kila mtoto akilia kupita kawaida, mvueni nepi mtazame kinena na korodani. Mkiona uvimbe mgumu, unaouma ukiguswa na usiorudi ndani, nendeni hospitali mara moja. Mkiwa bado mmemvua, tazameni pia vidole vya miguu na vya mikono. Unywele au uzi ukijizungusha kwenye kidole hukikaba na kumfanya mtoto alie bila kukoma.

Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili kuna dalili nyingine za kumpeleka hospitali bila kungoja: joto la 37.5 au zaidi, au mwili kuwa baridi, kukataa kunyonya, degedege, kupumua mara 60 au zaidi kwa dakika, kifua kuingia ndani anapovuta pumzi, au kulala tu bila kujisogeza. Mara nyingi mtoto mgonjwa sana halii kwa nguvu. Analia kidogo kidogo kama anayenung'unika, au ananyamaza kabisa. Ukimya huo usituliwaze.

Ikiwa ni mchango, tufanye nini? Mnyonyeshe, kisha mshike wima begani mpaka acheue. Mbebe kifuani au mgongoni kwa leso ukitembea polepole, mahali penye giza kidogo na pasipo kelele. Njia hizi zinaweza kumtuliza, lakini haziondoi mchango. Unaoisha ni wakati wake.

Msimpe maji ya majivu, miti shamba, chai, wala zile dawa za chupa za kutoa upepo zinazouzwa dukani. Hazijathibitika kuwa zinasaidia. Mtoto wa chini ya miezi sita akijazwa maji hunyonya kidogo, na kikombe kichafu humletea kuhara. Hapo sasa mtapata ugonjwa wa kweli.

Hatari nyingine iko kwa mtu mzima aliyechoka. Kumtikisa mtoto mchanga ili anyamaze kunaweza kupasua mishipa ndani ya kichwa na kumwua au kumpofusha. Ukihisi hasira inapanda, mlaze chali mahali salama, toka nje dakika kumi, kisha rudi umtazame. Kulia dakika kumi hakutamwumiza.

Hapo ndipo kikundi kinapoweza kusaidia. Saa za kilio zinajulikana, kwa hivyo wanakikundi wawili wapange zamu ya kumbeba mtoto kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, ili mama ale na kulala kidogo. Baba naye awe na zamu yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi:
1. Kwa nini kukunja miguu peke yake hakutoshi kusema ni mchango?
2. Mtoto wa miezi sita ameanza leo kulia kwa vipindi na ametapika mara mbili. Mtafanya nini, na mtampeleka wapi usiku?
3. Ni mama gani kijijini mwetu ana mtoto wa chini ya miezi minne, na ni nani atakayemtembelea jioni?